Fomula Isiyopiga Kelele: Hotuba kwa Waweka Hazina

*Hii ni hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya waweka hazina wa vikundi na kamati za shughuli. Waliokosa kufika waliniomba maandishi, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.*

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mwenyekiti amenipa muda mfupi na ameniomba nisiongee kama mkaguzi aliyekuja kufunga watu. Nitajitahidi.

Nianze na swali. Ni nani hapa ambaye faili lake la bajeti la Excel limewahi kumwandikia `#REF!` au `#VALUE!`? Nyosheni mikono. Ehee, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Swali la pili: ni nani ambaye faili lake limewahi kumpa jumla safi kabisa, yenye koma mahali pake, na jumla ile ilikuwa ya uongo? Naona mikono mitatu. Hao watatu ndio waliokagua. Wengine hatujui bado.

Ile `#REF!` inayowatisha ni rafiki yenu. Inapiga kelele, mnaamka, mnarekebisha. Jambazi ni fomula iliyokosea kimya. Inatoa namba, namba inafanana na ukweli, mnaipigia makofi kikaoni, na mnakwenda kulipa.

Nitawasimulia faili moja tu leo, na tutalifungua seli kwa seli.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaoa. Kamati imeundwa, ahadi zimekusanywa, na mweka hazina ni binamu yangu, kijana mwaminifu, mwenye mkono safi. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu hakuna mwizi katika simulizi hii. Wiki sita kabla ya harusi ananitumia faili usiku: "Kaka, litupie jicho tu, kesho tunalipa ukumbi." Nikafungua. Chini kabisa pameandikwa jumla ya matumizi shilingi 23,450,000. Ahadi 28,000,000. Ziada 4,550,000. Na huko kwenye kundi la WhatsApp la familia ugomvi umeshaanza: ziada hii tuajiri bendi au tuongeze ng'ombe?

Umbo la faili ni lile lile mnalolijua. Safu A ni kundi, B ni maelezo, C ni idadi, D ni bei, E ni jumla ya mstari. Vitu vyote viko kuanzia mstari wa 5 mpaka wa 24, na jumla kuu iko E25. Kurasa mbili za ziada: moja ya michango, nyingine ya matumizi halisi. Ninyi wote mna faili la namna hii, iwe la harusi, la msiba, la kikundi au la nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutengeneza nakala. Usikague faili lenyewe, kagua nakala, kwa sababu wakati wa kukagua utabadilisha namba makusudi ili uone nini kinatikisika.

Kitu cha pili, nilibonyeza `Ctrl` pamoja na kile kitufe chenye alama ya `` ` ``, ambacho kwenye kompyuta nyingi kipo chini ya Esc. Majibu yakatoweka, fomula zikatokea. Nawaulizeni, ni wangapi mmewahi kuliona faili lenu likiwa limevuliwa nguo namna hiyo? Ndivyo mkaguzi anavyolisoma. Namba ni uso, fomula ni nia. Na hapo E25 pakaonekana hivi:

```
=SUM(E5:E22)
```

Vitu vinaishia mstari wa 24. Jumla inaishia wa 22. Mistari miwili ya mwisho, gari la maharusi 350,000 na picha na video 900,000, ilikuwa imeongezwa baadaye, juu kidogo ya jumla. Inaonekana kwa macho, inasomwa kikaoni, imepakwa rangi vizuri, lakini haijumlishwi. Shilingi 1,250,000 ziko nje ya mlango. Mara nyingine Excel huipanua fomula yenyewe ukiongeza mstari, mara nyingine haipanui, na hapo ndipo tunaponaswa: jana ilipanua, leo tunadhani imepanua.

Nikamuuliza binamu, hukuona kipembe cha kijani kwenye kona ya seli? Akasema, "Nilikiona, nikabofya kiondoke." Alibofya `Ignore Error`. Excel ilimwambia kwa maneno kabisa, `Formula Omits Adjacent Cells`, maana yake fomula imeruka seli za jirani, naye akaifukuza kama nzi.

Msimcheke. Mwaka 2010 maprofesa wawili wa uchumi wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala iliyosema kwamba nchi tajiri ambazo deni lao la serikali limepita asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani hupungua kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika makala ile kama fimbo ya kubana matumizi. Baadaye mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alijaribu kurudia hesabu ile kama zoezi la darasani, na haikutoka. Akaomba faili, akapewa, akabofya seli. Wastani ulikuwa unaanzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, wakati nchi zilifika mpaka wa 49. Nchi tano zilikuwa nje ya mlango: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmaki. Yeye na walimu wake wawili waliporudia hesabu yote, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Niseme haki: fomula ile peke yake ilichangia sehemu ndogo ya tofauti. Sehemu kubwa ilitokana na miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito. Wenyewe walikiri kosa la fomula, ila hoja yao ya jumla waliendelea kuitetea. Lakini ni mstari wa 44 badala ya 49, ndugu zangu. Ni ugonjwa ule ule wa gari la maharusi.

Dawa yake ni ndogo. Acha mstari mmoja mtupu juu ya jumla, uupake rangi ya kijivu, uuingize ndani ya fomula, na mpige marufuku mtu yeyote kuandika ndani yake. Kila kipya kinaingizwa juu ya mstari wa kijivu. Kikiingia katikati, fomula inanyooka yenyewe.

Turudi kwenye faili. Safu ya E yote ilipaswa kuwa fomula, idadi mara bei. Je, ni fomula kweli? Ukiangalia kwa macho mistari ishirini utachoka, ukiangalia mia mbili utadanganywa. Kwa hiyo nilichagua E5 mpaka E24, nikabonyeza `F5`, nikabofya `Special`, kisha `Constants`, kisha OK. Amri hiyo inaiambia Excel: niwekee alama kila seli ambayo mtu ameandika kwa mkono, fomula ziache. Seli mbili zikawaka.

Ya kwanza ilikuwa keki. Pameandikwa 450,000. Idadi ni 1, bei ni 600,000. Moja mara laki sita ni laki nne na nusu kwa nchi gani? Kilichotokea ni kwamba mwanzoni mtu alipata bei ya 450,000, akaiandika moja kwa moja kwenye safu ya jumla, juu ya fomula. Baadaye muokaji akapandisha, mtu mwingine akarekebisha bei kwenye safu ya D kama inavyotakiwa, lakini hapakuwa na fomula tena ya kulipokea badiliko lile. Shilingi 150,000 zimepotea, na kila mmoja amefanya kazi yake.

Ya pili ilikuwa mapambo. Hii nataka tukae nayo, kwa sababu ni yetu sisi, na hamtaikuta imeelezwa kwenye kitabu cha Ulaya. Pameandikwa hivi: `1,200,000/=`. Mnaona tatizo? Hamlioni, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika pesa tangu darasa la tatu, na kwenye karatasi ni sahihi. Kwenye Excel, ukiongeza ile mkwaju na sawasawa, seli si namba tena. Ni maneno. Kwa Excel ni sawa na kuandika "mapambo mazuri". Na `SUM` ikikutana na maneno kwenye safu, haigombi wala haiulizi. Inaruka. Milioni moja na laki mbili zimerukwa. Kipembe cha kijani hakitokei safari hii, kwa sababu kipembe hutokea pale maneno yanapofanana kabisa na namba, na hapa Excel haioni namba yoyote.

Kuna ishara ya macho: kama hujaweka mpangilio wowote, namba hukaa kulia mwa seli na maneno hukaa kushoto. Lakini sisi tunapenda kuweka kila kitu katikati ili kipendeze, na tukifanya hivyo tumeizima ishara hiyo wenyewe. Kwa hiyo tumieni kipimo, hasa kwenye kurasa za michango ambako kila namba imeandikwa kwa mkono:

```
=COUNTA(D2:D140)-COUNT(D2:D140)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu. Ya pili inahesabu zenye namba tu. Tofauti ikiwa sifuri, pumua. Ikiwa tatu, kuna michango mitatu ambayo watu wametoa na daftari lako limeikataa. Kurekebisha ni rahisi: chagua safu, `Ctrl+H`, tafuta `/=`, mahali pa kubadilishia acha patupu, kisha `Replace All`. Na kama moyo wako hautulii bila kuiona alama ile, nenda kwenye `Format Cells`, `Custom`, uandike `#,##0"/="`. Excel itaionyesha kwa macho tu, na ndani ya seli itabaki namba.

Kipimo hicho kina upofu mmoja. Wapo wanaotenganisha elfu kwa nukta, wanaandika 350.000. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wetu wa koma, hiyo ni namba halali: mia tatu na hamsini. `COUNT` itaikubali na `SUM` itaijumlisha kama shilingi 350. Hapo uliza swali jingine, `=MIN(E5:E24)`. Kama kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye harusi yako ni shilingi 350, kuna mtu ameandika nukta.

Kabla sijaondoka kwenye fomula, neno moja kwa mafundi mliopo hapa. Mnajijua. Ninyi mnaozungushia kila fomula `IFERROR(...,0)` ili faili lionekane safi. Mmechukua ile kelele niliyosema ni rafiki, mkaigeuza sifuri. Sifuri inajumlishwa kimya kimya. Kama ni lazima, weka neno, kwa mfano "KAGUA", badala ya sifuri. Seli ikiandika KAGUA katikati ya kikao, mtaikagua.

Sasa makundi. Hapa niende haraka kidogo, ingawa ndipo ugomvi mwingi wa kamati unapozaliwa.

Kwenye ukurasa wa matumizi halisi kila malipo yalikuwa na kundi: chakula, mapambo, usafiri na kadhalika, na pembeni kuna ripoti ya `SUMIF` inayojumlisha kila kundi. Usafiri ulipewa bajeti ya 1,000,000. Ripoti inasema zimetumika 640,000. Maana yake zimebaki 360,000, na mjumbe mmoja alikuwa ameshazitolea ahadi ya basi la wageni kutoka kijijini. Nikaweka kipimo hiki: jumla ya malipo yote, toa jumla ya ripoti.

```
=SUM(D2:D140)-SUM(H2:H9)
```

Jibu lilipaswa kuwa sifuri, kwa sababu kila shilingi iliyotoka lazima iwe na kundi. Lilikuwa 515,000. Laki tano na elfu kumi na tano zimetumika, zina risiti, na hazimo kwenye kundi lolote la ripoti!

Zilikuwa wapi? Nikatengeneza `PivotTable` ya safu ya kundi, nikapata orodha ya majina yote yaliyotumika. Kulikuwa na "Usafiri". Kulikuwa na "Usafili", na mnajua wenyewe kwa nini, wala sitaki kutaja kabila: 95,000. Kulikuwa na "Nauli", kwa sababu aliyelipa bodaboda na daladala hakuona kuwa hiyo ni usafiri: 240,000. Na kulikuwa na "Usafiri" nyingine, inayofanana na ya kwanza kama pacha: 180,000. Pacha yule alikuwa na nafasi moja tupu mwishoni, kidole kilichogusa kibodi baada ya herufi ya mwisho. Macho hayaioni. `=LEN(A17)` inaiona: Usafiri ni herufi saba, pacha alitoa nane. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, `SUMIF` haibagui. Nafasi tupu inaibagua.

Jumlisheni: usafiri ulikuwa umeshatumia 1,155,000. Hakuna iliyobaki, umevuka kwa 155,000, na basi la kijijini limeshaahidiwa.

`TRIM` inaondoa nafasi za namna hiyo, ila si zile zinazokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za mtandaoni, hizo ni herufi ya aina nyingine. Bora kuzuia. Andikeni makundi yenu mahali pamoja, kisha `Data Validation`, `List`, ili mjumbe achague badala ya kuandika. Lakini Nauli je? Nauli haikuwa kosa la kuandika. Watu wawili walikuwa na maana mbili, na hakuna fomula ya kupatanisha maana. Pembeni ya kila kundi andikeni sentensi moja ya kilichomo: "Usafiri: magari ya kukodi, mafuta, nauli, bodaboda." Kikao kibishane kabla ya kulipa.

Na wenye bajeti ya nyumbani, nina la kwenu. Mimi mwenyewe niliishi miezi kadhaa nikidhani familia yangu inakula kuliko kikosi cha jeshi. Mke wangu alikuwa ananitazama tu. Kumbe nilikuwa naandika "kutoa pesa kwenye simu, 200,000" kama matumizi, halafu naandika tena sokoni, gesi, na maji, zilizolipwa kwa hiyo hiyo laki mbili. Nilizitumia mara moja, nikaziandika mara mbili. Kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu, au kutoka simu kwenda mfukoni, si matumizi. Makato ya kutoa ndiyo matumizi. Wekeni kundi linaloitwa Uhamisho, na liwe nje ya jumla.

Haya. Sasa tumefika penye mfupa.

Baada ya fomula kunyooka, matumizi ya harusi yalipanda kutoka 23,450,000 hadi 26,050,000. Ziada bado ipo, milioni moja laki tisa na nusu. Binamu akashusha pumzi. Nikamwambia, ngoja kwanza. Tufute wageni.

Kwenye mstari wa chakula, idadi ilikuwa 300. Nikaandika 0. Ni nakala, msiogope. Wageni hakuna. Je, harusi isiyo na mgeni hata mmoja inagharimu nini? Chakula kikaenda sifuri, vizuri. Vinywaji vikabaki shilingi 2,500,000. Tukanyamaza. Nani anakunywa? Nikaifungua seli:

```
=250*D8
```

Orodha ya kwanza ya wageni ilikuwa ya watu 250. Ikaongezwa ikafika 300, chakula kikarekebishwa, na 250 ikabaki imelala ndani ya fomula ya vinywaji. Kila mgeni alikadiriwa vinywaji vya 10,000. Watu hamsini mara elfu kumi ni 500,000 nyingine. Tumefika 26,550,000.

Hiyo ndiyo dhana iliyojificha: ni uamuzi ambao mtu aliufanya siku fulani, akauzika ndani ya fomula, na wengine wote wakarithi bila kujua. Kuna njia mbili za kuzifukua. Moja ni hiyo ya kuweka sifuri, au kuzidisha mara mbili, na kutazama nani hakutikisika. Nyingine ni `Ctrl+F`, pale kwenye `Look in` uchague `Formulas`, utafute namba unazozishuku: 250, 12, 4, 0.18. Ukizipata, zitoe nje. Tengeneza ukurasa unaoitwa Dhana, kila namba na seli yake, jina lake, na nani aliisema lini. Idadi ya chakula ikasomwa kutoka huko, na fomula ya vinywaji ikawa:

```
=Dhana!$B$2*D8
```

Alama za dola zinaizuia seli ya wageni isihame unaponakili fomula kwenda mistari mingine.

Halafu nikauliza, hiyo 300 yenyewe imetoka wapi? Kadi 180. Dabo 120, singo 60. Mbili mara 120 ni 240, ongeza 60, ni 300. Sawa, lakini mmeisikia dhana? Kila mwenye dabo atakuja na mtu mmoja, hapungui wala haongezeki. Sikuibadilisha. Niliiandika tu, ikae mezani watu waione.

Nimetaja 4 kwenye namba za kushukiwa. Wenye bajeti za nyumbani, tazameni fomula zenu za sokoni. Mtu anatumia 60,000 kwa wiki, anaandika mara 4 kupata mwezi, mara 12 kupata mwaka: 2,880,000. Lakini mwaka una wiki 52, na nne mara kumi na mbili ni 48. Wiki nne familia haili? Mara 52 ni 3,120,000. Pengo la 240,000 kwa kitu kimoja tu, na kila mwaka mnajiuliza Desemba pesa imekwenda wapi.

Turudi harusini, kwenye dhana kubwa kuliko zote. Ilikuwa na ukubwa wa kutojificha kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Ahadi 28,000,000 zilikuwa zimeandikwa kwenye mstari wa MAPATO. Nani kati yenu amewahi kukusanya michango ya harusi? Wote. Nani aliwahi kukusanya ahadi zote? Cheka tu, mama yangu, cheka.

Faili lilikuwa limedhani asilimia 100. Halikuandika, limedhani. Nikamwomba binamu atafute daftari la harusi iliyopita ya familia ile ile, watu wale wale. Ahadi zilikuwa 20,000,000, zikaingia 15,000,000. Asilimia 75. Nikaweka seli mpya kwenye ukurasa wa Dhana, sehemu ya ahadi itakayolipwa, 75%, mapato yakawa ahadi mara seli hiyo. Milioni 28 zikawa 21,000,000.

Matumizi 26,550,000. Mapato 21,000,000. Kutoka ziada ya milioni nne na nusu tumefika pengo la 5,550,000, na hatukuongeza hata soda moja. Binamu alikaa kimya nikadhani simu imekatika.

Asilimia 75 si andiko takatifu, ni harusi moja tu ya nyuma. Kwa hiyo nilimpa swali lililogeuzwa: ahadi zinatakiwa zilipwe kwa kiasi gani ndipo tusidaiwe? Gawanya matumizi kwa ahadi: 26,550,000 kwa 28,000,000. Karibu asilimia 95. Ukiwapa kamati asilimia 75 watabishana nawe kama familia yetu ni wakarimu au la. Ukiwauliza "mnaamini watu 95 kati ya mia watalipa?", wanatazamana.

Kuna kitu ukaguzi huu wote hauwezi. Hauwezi kukuambia kama bei ya ukumbi ni ya kweli, wala kama risiti ni halali, wala kama kuna mtu amepata kitu kidogo kwa mpambaji. Faili linaweza kuwa safi fomula zote na bado likabeba uongo ulioandikwa vizuri. Kwa hilo unapiga simu tatu kwa watoa huduma watatu.

Na kabla ya kuchapa kwa ajili ya kikao, chagueni kila ukurasa mzima, bonyeza kulia kwenye namba za mistari, `Unhide`. `SUM` inajumlisha na mistari iliyofichwa. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha msiba, mzee mmoja akajumlisha karatasi kwa kikokotoo cha simu, akapata pungufu kuliko jumla iliyochapwa. Katibu alikuwa ameficha mistari ya vitu vilivyofutwa badala ya kuvitoa. Hapakuwa na wizi wowote, lakini ilichukua saa nzima kumsafisha yule katibu, na sidhani kama alisafika kwa kila mtu.

Najua mnataka kujua harusi iliishaje. Asubuhi hawakulipa ukumbi. Walikaa, wakafungua ukurasa wa Dhana, wakabadilisha seli moja: wageni 300 wakawa 220. Kila mgeni alikuwa anabeba 35,000, chakula 25,000 na vinywaji 10,000, kwa hiyo 80 waliopungua waliondoka na 2,800,000. Watu 220 wanatosha uani kwa bibi. Ukumbi wa 4,000,000 ukawa turubai na viti kwa 1,200,000, zikashuka 2,800,000 nyingine. Matumizi 20,950,000, chini ya ile milioni 21 kwa shilingi elfu hamsini.

Michango ilifunga kwenye 21,840,000, asilimia 78. Bendi haikuja. Ng'ombe aliongezwa mmoja, alitolewa na mjomba wa bibi harusi, na binamu aligoma kumwandika popote mpaka alipomwona kwa macho amefungwa kwenye mwembe.

Wenye kompyuta, fungueni faili zenu sasa. Tuanze na `F5`.